Mwenye Shamba Hakuhesabiwa

Nilipomaliza kidato cha nne kule Handeni nilirudi nyumbani Kerenge na sanduku la bati na godoro, nikakaa wiki mbili nikisubiri matokeo. Wiki ya tatu mama akachoka kuniona. Akasema nenda kwa mama mdogo wako Old Korogwe, ana shida ya hesabu, na wewe si unajifanya unazijua.

Nilikuwa najifanya, ndiyo. Hesabu ndilo somo pekee nililokuwa natoka kwenye chumba cha mtihani nacheka.

Mama mdogo alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la mkonge, kwenye brashi, pale nyuzi zilizokauka zinaposuguliwa ziwe laini kabla ya kufungwa marobota. Alikuwa ameingia hapo tangu mimi niko darasa la tatu, na bado alikuwa hapohapo. Vumbi la brashi limemkaa kifuani, anakohoa kila asubuhi kabla hajasema neno. Mwaka uliotangulia shamba lilitangaza kutafuta wasimamizi wapya, wale ambao watu bado wanawaita manyapara. Ukiwa nyapara unatoka kwenye vumbi, unatembea mistarini na daftari, unapanga watu na kazi. Kulikuwa na mtihani wa kuandika, wa Kiswahili, hesabu za kiwango cha darasa la saba. Mama mdogo alifanya, akakosa. Sasa walikuwa wametangaza tena, na mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Umekuja na begi kubwa hivyo, unahamia?"

"Mama kasema nikufundishe hesabu."

"Mama yako anajua kunitangaza." Akakohoa, akacheka. "Haya, kaa. Ni swali moja tu linanisumbua. Mengine nayaweza."

Akaingia ndani akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwaka ule waliokosa walirudishiwa karatasi zao. Alikuwa ameiweka ndani ya kitambulisho cha kazi, kwenye ile plastiki, mwaka mzima. Akanionyesha kwa kidole: swali la saba. Lilisema hivi:

"Mama mmoja na wenzake watano walilima shamba lake kwa siku 8. Kama wangekuwa watu 4 tu, wangelima shamba hilo kwa siku ngapi?"

Nililisoma mara moja nikalijua. Watu wakipungua, siku zinaongezeka. Sita mara nane, arobaini na nane, gawa kwa nne, kumi na mbili. Nikaona moja kwa moja tatizo lake ni nini: hajui kwamba hapa vitu vinaenda kinyume, anagawa pale pa kuzidisha. Kila mtu anakosea hapo. Sikumuuliza. Nilikuwa nimeshajua, sasa nimuulize nini?

Nikatoa simu nikapiga picha. Chini ya swali kulikuwa na mwandiko wake wa mwaka jana na alama nyekundu ya kosa. Nikaikata picha nikabakiza swali peke yake, safi, ili ile programu ya akili mnemba isichanganyikiwe na michoro. Nikaandika chini yake: tengeneza maswali kumi yanayofanana na hili.

Hazikupita sekunde kumi, maswali yakashuka. Nilifurahi mwenyewe. Shuleni tulikuwa tunagombania kitabu kimoja watu watano, ukimaliza mazoezi ya ukurasa huo basi, huna mengine, unabaki kurudia yaleyale mpaka unakariri majibu. Hapa una swali moja, unapata kumi, ukitaka mia unapata mia.

Nikayapitia haraka. Wakulima 9 wanapalilia shamba kwa siku 4, wakulima 6 watapalilia kwa siku ngapi? Sita. Mafundi 5 wanajenga nyumba kwa siku 12, mafundi 10 je? Sita tena. Moja tu nililikataa: vibarua 7 kwa siku 5, wakiwa 4 ni siku ngapi. Thelathini na tano gawa kwa nne inaleta siku nane na robo tatu. Swali lenyewe la mtihani lilitoka namba nzima, na mtu anayejifunza ukimletea robo tatu ya siku unampotosha, ataanza kuhangaika na sehemu badala ya kitu chenyewe. Nikaiambia programu majibu yote yawe namba nzima, na namba zisizidi hamsini. Ikarekebisha. Nikajiona mwalimu.

Mama mdogo alikuwa anatoka kazini saa nane mchana. Anaoga, anakula, halafu tunakaa barazani na daftari. Mara nyingi mwenzake wa brashi, jirani wa mlango wa pili, alikuwa anakuja kukaa nasi akichambua mboga zake, na mdomo wake haukupumzika.

"Mwenzangu unasomeshwa na simu? Na huyu mtoto wa juzi?"

"Angalau mimi nasomeshwa. Wewe unachambua mchicha."

"Mchicha nitakula leo. Unyapara wako tutaula lini?"

Siku ya kwanza nilimweleza habari ya kwenda kinyume. Akanitazama kama namweleza jua linachomoza wapi. "Watu wakiwa wachache kazi inachelewa. Hilo nani halijui?" Akafanya maswali matano, akapata yote. Nikasema vizuri sana, unaelewa haraka. Siku ya pili matano, akapata manne, moja alikosea kuzidisha. Siku ya tatu nikaomba kumi mengine mapya, akapata tisa. Mwisho wa wiki ya pili alikuwa amefanya arobaini na kitu, na mara ya mwisho alipata kumi kwa kumi, hata jasho halikumtoka.

Mimi nikaanza kuchoka. Nilimtumia rafiki yangu wa Handeni ujumbe kwamba kazi imeisha, mama mdogo ameiva, narudi Kerenge Jumamosi.

Ijumaa nikasema tufunge. Nikaichukua ile karatasi ya zamani, nikalinakili swali la saba kwenye ukurasa mpya kwa mkono wangu, nikampa. Nilitaka alione limekuwa dogo. Mtihani ulikuwa Alhamisi inayofuata.

Alichukua kama dakika moja. Akanirudishia daftari.

Alikuwa ameandika kumi.

Nikasema, "Angalia tena."

Akaangalia. "Kumi."

"Mama mdogo, angalia vizuri."

"Nimeangalia. Tano mara nane arobaini. Gawa kwa nne. Kumi. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Hapo sikujizuia. Nikasema kwa sauti ambayo sasa naionea aibu, "Umefanya maswali arobaini umeyapata! Hili moja, hilihili lililokuangusha, ndilo unakosa? Tano umeitoa wapi? Watu ni sita!"

Jirani aliacha kuchambua.

Mama mdogo hakupandisha sauti. Akachukua ile karatasi ya mwaka jana, akaikunjua, akaiweka juu ya daftari. Kumi. Tano mara nane, arobaini, gawa kwa nne, kumi, na alama nyekundu. Mwandiko uleule, hesabu ileile. Mwaka mzima alikuwa anatembea nayo, na kuzidisha kwake na kugawa kwake kulikuwa sawa tangu siku ile.

"Mwenye shamba halimi," akasema. "Shamba lake, ameita watu. Yeye anapika. Akishika jembe, nani atapika makande? Wenzake watano ndio wanaolima. Wewe umekulia Kerenge, siku ya kulimiana umewahi kumwona mwenye shamba mstarini?"

Sikuwahi. Nimewahi kubeba maji siku hizo. Mwenye shamba yuko mekoni tangu alfajiri, moshi machoni, sufuria kubwa, na saa nne anatuma chai shambani. Akionekana na jembe watu watasema leo tutalala njaa. Mimi mwenyewe nimeona hivyo maisha yangu yote, ila niliposoma "mama mmoja na wenzake watano" nikajumlisha bila kufikiri, kwa sababu shuleni nilishajua maswali yanavyotaka.

Jirani alicheka mpaka mchicha ukamwagika. "Kwa hiyo mwaka mzima, mwenzangu, umekosa unyapara kwa sababu ya makande?"

"Cheka tu."

"Sikucheki wewe. Namcheka huyu mwalimu. Wiki mbili anamfundisha mtu kitu anachokijua!"

Hiyo ndiyo iliyoniingia. Ilikuwa kweli. Nikafungua simu nikarudi kwenye maswali yote niliyokuwa nimempa. Wakulima 9. Mafundi 5. Vibarua 8. Wapishi 3. Kila swali, watu wametajwa tayari kwa jumla yao. Hakuna hata moja lenye mtu na wenzake. Programu ilichukua ile hesabu ya watu na siku ikaiacha ile hatua ndogo ya mwanzo, ya kujua kwanza watu ni wangapi. Na mimi nilikagua majibu kama ni namba nzima, nikakagua namba kama si kubwa, sikukagua kama maswali yanamtaka mtu afanye kila kitu ambacho swali la kwanza linamtaka afanye. Yalifanana kwa sura. Kwa ugumu yalikuwa mepesi kwa hatua moja, na hatua hiyo ndiyo ilikuwa inamwangusha.

Na jibu lake la zamani, ambalo lingenionyesha yote haya siku ya kwanza, nililikata kwenye picha.

Jumamosi sikurudi Kerenge.

Kwanza nilifanya ujinga mwingine. Niliiandikia programu: fanya maswali yawe magumu zaidi. Ikaleta maswali ya asilimia na sehemu, vibarua wawili wanaugua siku ya tatu, mashine inaharibika katikati. Mama mdogo akasoma moja akaniangalia. "Hili ni la chuo kikuu?" Nikafuta. Sikutaka magumu zaidi, nilitaka magumu vilevile.

Nikatulia kidogo, jambo ambalo kwangu si rahisi. Nikapiga picha upya, safari hii karatasi nzima, swali na jibu lake na ile alama nyekundu. Nikaandika: usitunge swali bado. Kwanza andika hatua zote za kulitatua swali hili, moja moja, halafu sema mtu huyu amekosea hatua ipi.

Ikaandika. Hatua ya kwanza, jumlisha mama na wenzake: moja na tano, sita. Hatua ya pili, zidisha watu kwa siku: sita mara nane, arobaini na nane. Hatua ya tatu, gawa kwa watu wapya: arobaini na nane kwa nne, kumi na mbili. Mtu huyu amekosea hatua ya kwanza, nyingine mbili amezifanya sawa. Mistari minne tu. Nikamsomea mama mdogo.

"Kwa hiyo na yenyewe inasema mwenye shamba analima."

"Swali linasema walilima, yeye na wenzake. Likisema amelima, amelima, hata kama kwetu hawalimi."

"Shamba la kwenye karatasi."

"Ndiyo. La kwenye karatasi."

"Basi wangeniambia mwaka jana." Akakohoa. "Endelea."

Nikaandika tena: sasa tunga maswali manane, kila moja liwe na hatua hizohizo tatu, badilisha watu, kazi na namba, usitaje jumla ya watu moja kwa moja, majibu yawe namba nzima, na uandike utatuzi wa kila swali pembeni.

Yakaja. Fundi na wasaidizi wake 3 walijenga ukuta kwa siku 9, kama wangekuwa watu 6 wangejenga kwa siku ngapi? Dereva na makuli 7 walipakua lori kwa saa 3, kama wangekuwa watu 6 je?

"Dereva gani anapakua?" jirani akadakia. "Dereva analala chini ya lori!"

"Karatasi inasema amepakua," mama mdogo akamjibu, bila kuinua kichwa. "Nane mara tatu ishirini na nne. Gawa kwa sita. Nne." Akaandika, halafu akaongeza taratibu, "Ila mimi dereva huyu ningependa kumwona."

Safari hii kila swali nililifanya mwenyewe kwa penseli kabla sijampa, na utatuzi wa programu nikaufunika kwa kiganja. Lile la sita lilikuwa: mwalimu na wanafunzi wake 9 walipanda miche kwa saa 6, kama wangekuwa watu 12 wangepanda kwa saa ngapi? Mimi nikapata tano: kumi mara sita, sitini, gawa kwa kumi na mbili. Nikaondoa kiganja. Programu ilikuwa imeandika saa nne na nusu. Ilizidisha tisa kwa sita. Ilitunga swali lenyewe, ikamsahau mwalimu.

Nilimwonyesha mama mdogo. Akaichukua simu mkononi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasoma mara mbili, halafu akaanza kucheka ile mpaka kikohozi kikamshika na mimi nikampigapiga mgongo.

"Na yenyewe imemwacha mwalimu kivulini!"

"Imekosea."

"Haijakosea, imekulia Kerenge."

Tangu hapo alikuwa anakagua majibu ya simu pamoja nami, na nafikiri hapo ndipo alipoacha kuogopa lile swali. Jumapili alifanya manane akayapata yote. Jumatatu manane mengine.

Lakini nilishaumia mara moja, sikufurahi haraka. Nikawaza: maswali kumi na sita, yote anajumlisha mmoja. Sasa amejifunza kusoma, au amejifunza kujumlisha mmoja? Nikamwandikia mwenyewe kwa mkono, bila programu: mama mmoja aliita watu 6 wamlimie shamba, yeye akawa anapika, wakamaliza kwa siku 4. Kama wangelima watu 8, ingekuwa siku ngapi?

Akaandika saba mara nne, ishirini na nane. Akaanza kugawa kwa nane, ikakataa. Akasimama na kalamu hewani.

"Soma polepole," nikasema. Nilisema taratibu, namshukuru Mungu kwa hilo.

Akasoma. "Huyu anapika." Akakata saba kwa hasira. "Huyu kweli anapika! Mbona leo anapika?"

Jirani alishindwa kuzungumza kwa kicheko.

Jumanne na Jumatano nikaiomba programu ichanganye: nusu kiongozi awe kazini na wenzake, nusu awe ameagiza tu, na zisifuatane kwa mpangilio. Hatua ya pili na ya tatu zibaki zilezile. Nikamwambia mama mdogo kabla ya kuandika namba yoyote apige mstari chini ya wale wote ambao swali linasema wamefanya kazi. Hilo tu. Jumatano alipata tisa kwa kumi, na lile moja alikosea kuzidisha, saba mara nane, hamsini na nne. Nilifurahi kuliko ile siku ya kumi kwa kumi.

Alhamisi alivaa gauni lake la kanisani na viatu vya kufunga. Nilimsindikiza mpaka kwenye geti la ofisi za shamba. Walikuwa watu kama ishirini, wengi wanaume, wengine wadogo kuliko yeye. Nikasubiri kwenye benchi la nje na chupa yake ya maji. Alitoka kabla ya saa kuisha, akakaa, akanywa maji yote.

"Lilikuwepo?"

"Mawili." Akayasema kwa kichwa, kama anasoma. La kwanza: kiongozi wa kikundi na wenzake 8 walipalilia kitalu cha mkonge kwa siku 4, kama wangekuwa watu 12 je? La pili: msimamizi aliwapangia vibarua 10 kazi wakaimaliza kwa siku 6, kama vibarua wangekuwa 15 je?

"La kwanza nikampigia mstari kiongozi na wenzake. Tisa. Tisa mara nne, thelathini na sita. Tatu. La pili msimamizi sikumpigia mstari."

"Kwa nini?" Nilijua, lakini nilitaka kusikia.

"Si amepanga tu? Kazi wamefanya vibarua. Sitini gawa kwa kumi na tano. Nne." Akafunga chupa. "Na hapo ndipo nataka nifike mimi. Nisipigiwe mstari."

Matokeo yalibandikwa ubaoni baada ya wiki mbili, nikiwa bado Old Korogwe maana nilishasema nitasubiri. Walichukua wanne. Jina lake lilikuwa la tatu. Alirudi nyumbani saa nane kama kawaida, na vumbi la brashi kwenye nywele, akaniambia akiwa mlangoni, halafu akaenda kuoga.

Mwezi uliofuata matokeo yangu yakatoka na mambo yangu mengine yakaanza, lakini kabla sijaondoka jirani alikuja barazani mikono mitupu, bila mchicha. Alikuwa na karatasi. Na yeye alikuwa amefanya mtihani uleule kimyakimya, na kundi la mchana, tulikuwa hatujui, akakosa.

"Kuna swali moja hapa linanisumbua," akasema. "Ipige picha, hiyo simu yako inipe mengine."

Nikaiacha simu ndani.

"Kaa kwanza, mama. Wewe ulijibu nini?"